Dawa Iliyoachwa Bado Imo Mwilini

Mgonjwa wa sonona anayetibiwa katika kliniki ya kawaida Afrika Mashariki mara nyingi huandikiwa moja kati ya dawa mbili: amitriptilini au fluoksetini. Zote mbili zimo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, zote mbili ni za bei nafuu, na zote mbili husaidia watu wengi. Amitriptilini ni ya kizazi cha zamani, ile familia iliyoanza kutumika miaka ya 1950. Fluoksetini ni ya kizazi kilichofuata, na iliidhinishwa Marekani mwishoni mwa mwaka 1987.

Kwa kuwa ni mbili tu, wagonjwa wengi huishia kuhamishwa kutoka moja kwenda nyingine. Pengine fluoksetini imetumika miezi miwili bila nafuu. Pengine imemnyima mgonjwa usingizi au imemharibia tendo la ndoa. Pengine stoo ya hospitali imeishiwa, na kilichobaki kwenye rafu ni amitriptilini. Kwa macho ya mgonjwa, jambo hili ni jepesi: leo aache kapsuli, kesho aanze vidonge. Kumbe kati ya leo na kesho hiyo kuna hatari ambayo haionekani, na chanzo chake ni kwamba dawa aliyoiacha bado imo mwilini na inaendelea kufanya kazi.

Ili kuielewa hatari hiyo, ni lazima kuanza na ini. Dawa ikishamezwa na kuingia katika damu, mwili huanza mara moja kuibadilisha ili iweze kutolewa kwa mkojo. Kazi hiyo hufanywa na vimeng'enya, ambavyo wanasayansi wamevipa majina ya herufi na namba. Kimoja huitwa CYP2D6, kingine CYP2C19, kingine CYP3A4. Kila kimoja kina dawa zake kinazozishughulikia, na baadhi ya dawa hupitia zaidi ya kimoja.

Amitriptilini ni mojawapo ya hizo. Kwanza CYP2C19 huigeuza kuwa nortriptilini, ambayo nayo ni dawa kamili yenye nguvu yake. Kisha CYP2D6 huivunja nortriptilini hiyo, ikawa kitu ambacho mwili unaweza kukitoa. Kwa mtu wa kawaida, kiwango cha amitriptilini katika damu hupungua nusu kwa muda wa karibu siku moja, na nortriptilini huchukua muda mrefu kidogo zaidi. Ndiyo maana mtu anayemeza dozi ileile kila usiku hufikia kiwango kilichotulia ndani ya wiki moja hivi: kinachoingia na kinachotoka vinalingana.

Fluoksetini huvuruga hesabu hiyo. Yenyewe hutegemea CYP2D6 ili itoke mwilini, lakini inapofika hapo hukishikilia kimeng'enya na kukizuia kufanya kazi. Ni kama abiria aliyesimama kwenye mlango wa kivuko cha Kigamboni, asiyevuka wala asiyewapisha wengine. Foleni nyuma yake hurefuka hata kama idadi ya watu wanaofika haijaongezeka. Fluoksetini huzuia pia CYP2C19. Kwa hiyo amitriptilini ikija nyuma yake hukuta milango yake yote miwili mikubwa imebanwa.

Kwa kuwa huziba hata njia yake yenyewe, fluoksetini hukaa mwilini kuliko karibu dawa nyingine zote za sonona. Kwa mtu aliyeanza jana, kiwango chake hupungua nusu kwa siku moja hadi tatu. Kwa mtu aliyeitumia kwa wiki kadhaa, muda huo hufika siku nne hadi sita. Isitoshe, ini huigeuza kuwa kitu kingine kiitwacho norfluoksetini, ambacho kina nguvu ileile ya kutibu na nguvu ileile ya kuzuia CYP2D6, na ambacho huchukua kati ya siku 4 na 16 kupungua nusu.

Tuseme mwili wa mgonjwa fulani hupunguza norfluoksetini nusu kila baada ya siku 10. Siku ya kumi tangu ameze kapsuli ya mwisho, nusu bado imo. Siku ya 20, robo. Siku ya 30, moja ya nane. Hata siku ya 40 bado kuna sehemu moja ya 16. Hapo ndipo ilipotoka ile kanuni ya wiki tano ambayo wafamasia huitaja kila fluoksetini inapozungumziwa. Sertralini na paroksetini, ndugu zake wa familia moja, hupungua nusu kwa karibu siku moja tu, hivyo kwa wagonjwa wengi huwa zimekwisha ndani ya wiki.

Basi na tuchukue mfano wa mama wa miaka 46, ambao ni wa kufundishia lakini hauna kitu kisichotokea katika kliniki. Ametumia fluoksetini miligramu 40 kila asubuhi kwa miezi mitatu. Huzuni haijapungua, usingizi umepotea, na ana maumivu ya miguu yanayowaka. Daktari anaona amitriptilini ingefaa kwa sababu huleta usingizi na hutuliza maumivu ya neva. Uamuzi huo ni mzuri. Kosa linakuja katika utekelezaji: anamwambia aache kapsuli leo na kesho usiku aanze vidonge vitatu vya miligramu 25, yaani miligramu 75.

Usiku wa kwanza mama analala vizuri na familia inafurahi. Siku ya tatu mdomo umekauka, macho hayaoni maandishi ya karibu, na asubuhi anaamka na uzito kichwani. Haya ni madhara yanayojulikana ya amitriptilini, na muuguzi akipigiwa simu huenda akasema yatapungua. Lakini kila usiku vidonge vitatu vingine vinaingia, na kinachotoka ni kidogo. Badala ya kutulia ndani ya wiki, kiwango kinaendelea kupanda. Siku ya kumi choo kimefunga, mkojo unatoka kwa shida, moyo unakwenda mbio, na akisimama ghafla anaona giza. Siku ya kumi na mbili anaongea maneno yasiyoungana.

Hapo ndipo hatari inapokuwa kubwa zaidi, kwa sababu dalili hizi zina sura ya mambo mengine. Ndugu wanasema sonona imezidi. Mwingine anasema ni malaria imepanda kichwani. Daktari asiyeuliza kuhusu kapsuli zilizoachwa anaweza kuona mgonjwa aliyezidiwa na kuongeza dozi, wakati ambapo mwilini mwake tayari mna kiasi ambacho vidonge sita au zaidi kwa usiku vingeleta kwa mtu mwingine.

Hili si la kukisia. Maelezo rasmi ya fluoksetini yanataja uchunguzi wa dawa mbili za familia ya amitriptilini, imipramini na desipramini: wagonjwa waliokuwa na kiwango kilichotulia katika damu walipoongezewa fluoksetini, kiwango hicho kilipanda zaidi ya mara mbili, na kwa wengine hadi mara kumi. Maelezo hayohayo yanaonya kwamba athari hiyo inaweza kuendelea kwa wiki tatu au zaidi baada ya fluoksetini kuachwa. Mwaka 1997 jarida la tiba la JAMA lilichapisha taarifa ya Sheldon Preskorn na mwenzake kuhusu kifo kilichohusishwa na kutumia fluoksetini na amitriptilini pamoja.

Kinachoua ni moyo. Amitriptilini ikizidi hupunguza kasi ya umeme unaopita katika misuli ya moyo, na hilo huonekana kwenye karatasi ya ECG kabla mgonjwa hajaanguka. Katika karatasi hiyo, kila mraba mdogo ni sekunde 0.04. Wimbi kubwa la kati, linaloonyesha vyumba vya chini vya moyo vikijiandaa kubana, linapaswa kuwa jembamba. Likianza kupita miraba miwili na nusu, yaani sekunde 0.1, kwa mtu ambaye awali lilikuwa jembamba, daktari anayeijua dawa hii huisimamisha na kumlaza mgonjwa. Hospitali chache sana zinaweza kupima kiwango cha amitriptilini katika damu, lakini nyingi za wilaya zina mashine ya ECG, na kipimo kimoja kabla ya kuanza na kingine dozi ikipandishwa vinaweza kuokoa maisha.

Sasa mama huyohuyo angehamishwaje kwa usalama?

Zipo njia nne ambazo madaktari huchagua kati yake. Ya kwanza ni kuacha dawa moja leo na kuanza nyingine kesho, ambayo hufaa zaidi kwa dawa zinazofanana, mfano sertralini kwenda fluoksetini. Ya pili ni kupunguza ya kwanza taratibu hadi iishe, kisha kuanza ya pili. Ya tatu ni kupishanisha: ya kwanza inapungua huku ya pili ikipanda. Ya nne ni kuacha kabisa na kusubiri mwili usafike. Kila njia ina gharama yake. Ukienda haraka, dawa hugongana. Ukichelewa, mgonjwa hukaa wiki nyingi bila tiba, na sonona isiyotibiwa nayo huua.

Kwa safari ya kutoka fluoksetini kwenda amitriptilini, karatasi ya maelezo ya amitriptilini inasema huenda zikahitajika angalau wiki tano za kusubiri. Miongozo ya wataalamu inayotumika kliniki, ikijua kwamba mgonjwa aliyezidiwa hawezi kukaa wiki tano mikono mitupu, huruhusu njia fupi yenye masharti: fluoksetini iachwe, zipite siku 4 hadi 7, kisha amitriptilini ianzwe kwa dozi ndogo sana na kupandishwa polepole mno. Kwa kuwa fluoksetini hutoka yenyewe kidogo kidogo, ni nadra mgonjwa kusumbuliwa na dalili za kuiacha. Inajipunguza bila msaada wa mtu.

Kalenda ya mama ingekuwa hivi. Wiki ya kwanza hamezi dawa yoyote ya sonona, lakini hayuko bila tiba, maana fluoksetini iliyobaki bado inafanya kazi. Anapimwa ECG. Wiki ya pili na ya tatu anameza miligramu 10 za amitriptilini usiku; kama kituo kina vidonge vya 25 tu, daktari anaweza kuelekeza nusu kidonge. Wiki ya nne na ya tano anapanda hadi 25, baada ya kuulizwa kuhusu choo, mkojo, kizunguzungu na mapigo ya moyo. Kila hatua inasubiri angalau wiki mbili, kwa kuwa wiki moja haitoshi kuonyesha kiwango kitakapoishia wakati kimeng'enya kimezuiwa.

Baada ya hapo huja jambo ambalo hata baadhi ya wahudumu hulisahau. Katika wiki ya sita au ya saba norfluoksetini inakaribia kwisha, na CYP2D6 inarudi kazini. Miligramu 25 zilizokuwa zinatosha zinaanza kutolewa kwa kasi ya kawaida, na kiwango katika damu kinashuka ingawa mama hajaruka hata usiku mmoja. Usingizi unarudi kuwa mwembamba, huzuni inarudi. Familia inaweza kusema dawa imeshindwa au mwili umeizoea. Ukweli ni kwamba kidonge kilekile kimekuwa dozi nyingine. Huu sasa ndio wakati halali wa kupandisha, hatua kwa hatua, kuelekea kiwango cha kawaida cha kutibu sonona, ambacho kwa watu wazima wengi ni kati ya miligramu 75 na 150.

Ukigeuza mwelekeo, kutoka amitriptilini kwenda fluoksetini, sheria hubadilika lakini sababu ni ileile. Amitriptilini ikikatwa ghafla huleta kichefuchefu, kutokwa jasho na kukosa usingizi, hivyo hupunguzwa polepole. Kwa kawaida hushushwa kwanza hadi nusu, ndipo fluoksetini huongezwa, kisha iliyobaki huondolewa katika wiki zinazofuata. Daktari anayeanzisha fluoksetini wakati mgonjwa bado anameza miligramu 150 anarudia ajali ya mama yule kwa mlango wa nyuma.

Si kila mwili huanza na CYP2D6 ya nguvu moja. Uwezo huo hurithiwa. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 1996 ulikuta asilimia 29 ya Waethiopia waliopimwa walikuwa na nakala za ziada za jeni lake, jambo linalofanya dawa zitoke mwilini haraka mno. Kwingineko barani, ikiwemo Tanzania na Zimbabwe, watafiti wamekuta kwa wingi aina ya jeni hilo iitwayo *17, ambayo hutengeneza kimeng'enya chenye nguvu pungufu. Mtu wa aina hiyo anaweza kuonyesha dalili za dozi kubwa kwa vidonge ambavyo jirani yake havimsumbui. Kwa sababu hiyo, dozi iliyomfaa dada au mume haimwambii mgonjwa kitu chochote kuhusu mwili wake.

Zipo pia dawa za kawaida kabisa zinazoingia katikati. Dawa ya mseto ya malaria ina lumefantrini, na maelezo yake rasmi yanataja tahadhari kwa watu wanaotumia amitriptilini, kwa kuwa lumefantrini imeonekana maabara kuzuia CYP2D6 na pia inaweza kugusa umeme wa moyo. Malaria lazima itibiwe, hilo halina mjadala. Ila mgonjwa anayemeza amitriptilini anapaswa kumtajia mhudumu kabla ya kupewa mseto, ili moyo wake uangaliwe na dozi ya usiku ifikiriwe.

Dawa za kifua kikuu huvuta kamba upande mwingine. Rifampisini huliamsha ini litengeneze CYP2C19 na CYP3A4 kwa wingi, na ndani ya wiki mbili hivi kiwango cha amitriptilini kinaweza kushuka na sonona kurudi. Daktari akipandisha dozi kufidia, anapaswa kuandika kwenye faili tarehe ambayo matibabu ya kifua kikuu yatakwisha, kwa kawaida baada ya miezi sita. Rifampisini ikiachwa, msisimko wa ini hupoa kwa takribani wiki mbili, na dozi iliyopandishwa inabaki mwilini ikiwa kubwa kuliko inavyohitajika. Mgonjwa aliyepona kifua kikuu anaweza kuanguka kizunguzungu wakati ule ule anaposherehekea kumaliza vidonge.

Kwa wagonjwa wa kifua kikuu sugu kuna jambo zito zaidi. Tangu mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani limependekeza kwao tiba ya miezi sita yenye linezolidi ndani yake. Linezolidi ni antibiotiki, lakini pia huzuia kimeng'enya kinachovunja serotonini, kemikali ya ubongo ambayo fluoksetini huiongeza. Zikikutana, serotonini inaweza kuzidi: mgonjwa hutetemeka, hutoka jasho, huharisha, huhangaika, miguu hurukaruka yenyewe daktari akikunja kifundo cha mguu, na joto la mwili linaweza kupanda hadi kuua. Mara nyingi dalili huanza ndani ya siku moja baada ya dawa mpya kuingia. Mtu aliyeacha fluoksetini wiki mbili zilizopita na akajibu kwamba hatumii dawa yoyote ya akili amesema kweli kwa alivyoelewa, lakini mwili wake bado unaibeba. Hapa ndipo swali la kliniki linapaswa kuwa: je, katika wiki tano au sita zilizopita umewahi kumeza dawa ya sonona? Wakati mwingine linezolidi haiwezi kusubiri. Basi mgonjwa hulazwa na kuangaliwa kwa karibu.

Mgonjwa anayebadilishiwa dawa ana mambo machache ya kufanya, na yote yako mikononi mwake. Aandike katika daftari la kliniki tarehe aliyomeza dozi ya mwisho ya dawa ya zamani, pamoja na miligramu zake. Amuulize daktari asubiri siku ngapi, aanze na kiasi gani, na lini dozi itaangaliwa upya baada ya dawa ya kwanza kwisha kabisa. Ataje dawa zote, za malaria, za kifua kikuu, za maumivu na za asili. Asipandishe dozi mwenyewe na asiache ghafla kwa sababu ameona nafuu.

Nyumbani, amitriptilini ikabidhiwe ndugu anayeaminika na itolewe kidogo kidogo, kwa kuwa ikimezwa kwa wingi ni hatari mno kwa moyo, hasa kwa mtu ambaye mawazo ya kujiua yanamsumbua na kwa watoto wanaookota vidonge. Mtu anayetumia dawa hii akizimia, akichanganyikiwa, akishindwa kukojoa au akipata degedege, asilazwe kitandani kusubiri asubuhi. Apelekwe hospitali usiku huohuo, na pakiti za dawa zote mbili, ile mpya na ile aliyoiacha, ziende pamoja naye.